Shajara ya mradi: shimo la mita 4 katikati ya nyumba za watu, Ilala

Kiwanja kina mita 20 kwa 25. Panajengwa ghorofa sita, pamoja na chumba cha maegesho chini ya ardhi, kwa hiyo shimo linashuka mita 4.2. Pande tatu zimepakana na nyumba za kupangisha vyumba, na ukuta wa nyumba ya karibu zaidi uko mita 7 kutoka ukingo wa shimo. Udongo ni mchanga, na maji yanapatikana ukishachimba mita 2. Mambo ya nondo, malipo na ratiba ya mafundi yana daftari lake. Hapa yanaandikwa yale tu yanayowagusa majirani: waliambiwa nini, waliambiwa lini, na nini kilitokea baadaye.

Wiki ya tatu kabla ya kazi: kukagua nyumba

Hatukuanza na tangazo, tulianza na nyufa. Ndani ya mita 30 kuna nyumba 23, na zote zimekaguliwa kabla chuma hata kimoja hakijashushwa kwenye gari. Kila nyumba imechukua kama dakika 40. Walioingia ni mhandisi mmoja, mpiga picha mmoja na mjumbe wa eneo, kwa sababu mgeni anayepiga picha kuta za chumbani kwa mtu bila mwenyeji huyo hapati kitu zaidi ya kufukuzwa.

Kila ufa umepigwa picha na rula ikiwa imeshikwa pembeni yake, kisha upana umesomwa kwa kadi ya plastiki inayoonyesha mistari ya unene tofauti. Kwenye nyufa zinazozidi nusu milimita tumebandika shahidi: tone la plasta ya jasi lenye urefu wa kidole, limevuka ufa, na tarehe imekwaruzwa juu yake likiwa bichi. Ufa ukisogea, shahidi anapasuka. Mashahidi watatu wa kwanza walibanduka siku ya pili bila kupasuka, kwani fundi aliwabandika juu ya rangi. Lazima rangi ikwanguliwe hadi kwenye plasta ya ukuta na sehemu hiyo ilowanishwe, vinginevyo shahidi anaanguka na hakuna alichoshuhudia.

Jumla tumeandika nyufa 61. Mwenye nyumba mmoja alikataa kukaguliwa, akisema karatasi hizi ni za kumnyima fidia baadaye. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, maana rekodi iliyo mikononi mwa mkandarasi peke yake inaweza kutumika hivyo. Tangu hapo kila fomu ni nakala mbili, moja inabaki nyumbani, na picha zinatumwa kwenye simu ya mwenyewe kabla hatujatoka mlangoni. Siku tatu baadaye alituita.

Wiki ya pili kabla ya kazi: tangazo

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili: kutakuwa na kelele za kawaida za ujenzi, tunaomba radhi kwa usumbufu. Imetupwa. Haimsaidii mtu kujua amlaze mtoto saa ngapi, wala haimwambii lipi ni la kawaida na lipi ni la kukimbia nje. Iliyobandikwa inasomeka hivi:

> TAARIFA KWA WAKAZI. Kuanzia Jumatatu ijayo tutazamisha mabamba ya chuma kuzunguka kiwanja, ili udongo wa upande wenu usiporomokee shimoni. Kazi ni ya siku 11, Jumapili hatufanyi. Mashine italia kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 8:30 mchana hadi saa 11 jioni.
>
> Ndani mtasikia mtetemo. Vikombe vitagongana, bati litalia, maji kwenye ndoo yatacheza. Hayo tunayategemea.
>
> Ambayo hatuyategemei: ufa mpya, ufa wa zamani kupanuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kukwama, sakafu kuzama, bomba kuvuja. Ukiona mojawapo piga namba iliyo chini, saa yoyote. Mashine inazimwa kwanza, maswali yatafuata.

Sehemu ya kati ndiyo iliyobishaniwa zaidi ofisini. Mmoja wetu aliona kwamba kumwambia mtu vikombe vitagongana ni kumtisha bure. Lakini binadamu anauhisi mtetemo mapema sana kuliko ukuta. Kiwango cha Uingereza cha BS 5228 kinasema ndani ya nyumba mtu anaanza kuuhisi kwenye kasi ya milimita 0.3 kwa sekunde. Ikifika milimita 1 kwa sekunde malalamiko yanatarajiwa, ila watu wanaweza kuvumilia wakiwa wametaarifiwa na kuelezwa mapema. Kwa nyumba za kawaida za kuishi, kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150-3 kinaanzia milimita 5 kwa sekunde ndipo kinapohofia ukuta, na kwa majengo dhaifu au ya kale milimita 3. Kati ya 0.3 na 3 kuna eneo kubwa ambalo nyumba ni salama na mwenye nyumba anaamini inaanguka. Tangazo linafanya kazi katika eneo hilo. Tangu jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, hakuna haja ya kumweleza mkazi wa Ilala kwa nini aogope ukuta unaotetemeka.

Tumejiwekea mipaka miwili: ikifika milimita 3 kwa sekunde mwendesha mashine anapewa ishara ya kupunguza, ikifika 5 anazima. Kwa nyumba mbili za zamani za miti na udongo, kuzima ni kwenye 3.

Usambazaji ulikuwa na kosa lililotugharimu siku nzima. Nakala 23 zilikabidhiwa kwa wenye nyumba kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, tukadhani tumemaliza. Wenye nyumba wengi hawaishi hapo. Wapo Tabata, wapo Mbagala, na hapa huja kukusanya kodi. Wapangaji, ambao ndio watakaotetemeshwa, hawakuona kitu. Tulihesabu upya: vyumba 118. Zikachapwa nakala 150, mlango kwa mlango jioni baada ya saa 12, watu wakiwa wamerudi kazini. Zilizobaki zilienda kwa mama lishe wa pale kona, kinyozi, na kituo cha bodaboda. Msikitini lilisomwa baada ya swala ya Ijumaa, na kanisani Jumapili. Kundi la wasapu la mtaa lilifanya kazi nzuri kwa kukumbusha siku moja kabla, lakini halikutosha peke yake, kwani wazee wengi hawamo.

Kubandika siku kumi kabla na kukumbusha siku moja kabla kumetosha. Tangazo la mwezi mzima kabla hugeuka karatasi ya kufungia maandazi.

Mlango kwa mlango kulileta pia taarifa ambazo hatukuwa nazo. Nyumba ya 14 kuna walinzi wawili wanaolala mchana. Nyumba ya 3 kuna mgonjwa wa kitandani. Madrasa inaanza saa 10 jioni. Na shule iliyo nyuma ya uchochoro ina darasa la saba linaloingia kwenye mtihani wa taifa siku mbili katikati ya kazi yetu. Siku hizo mbili zimefutwa kwenye ratiba ya mashine, na mafundi watafunga nondo.

Wiki ya 1: siku ya majaribio na mabamba ya kwanza

Jumatatu tulizamisha mabamba mawili tu, upande wa barabarani, majirani wakialikwa kuangalia. Walikuja kama thelathini. Kipimo cha mtetemo kiliwekwa chini ya ukuta wa nyumba ya 6, iliyo mita 7 kutoka ukingo, kisha mita 14, kisha mita 28. Glasi ya maji iliwekwa kwenye stuli pembeni ya kipimo, ili kila mtu aone namba na maji kwa pamoja.

"Baba, hiyo namba ikipanda ndiyo nyumba inaondoka?" aliuliza bibi wa nyumba ya 6.

"Shikamoo bibi. Ikifika tano tunazima mashine. Sasa hivi unaona mbili na kitu."

"Marahaba. Basi niwekee mtu wa kunisomea, mimi macho yangu hayafiki."

Kijana wa nyumba hiyo hiyo amefundishwa kusoma kipimo na anakiangalia kila siku. Jambo hilo halikuwemo kwenye mpango, na limetuondolea ubishi mwingi kuliko karatasi yoyote.

Majaribio yalifichua tatizo. Bamba likiwa linashuka vizuri, nyumba ya 6 ilisoma kati ya 2 na 2.6. Lakini kila mashine ilipowashwa au kuzimwa, namba iliruka hadi 6.8 kwa sekunde mbili tatu. Sababu inafahamika. Mashine hii ya kuzamishia mabamba ni nyundo ya mtetemo, na ikiwa kwenye kasi yake kamili inatikisa haraka kuliko udongo na sakafu zinavyoweza kuitikia. Ikiwa inapanda au kushuka kasi, inapita kwenye mtikisiko wa polepole unaolingana na ule wa asili wa udongo na jengo, navyo vinaitikia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Kwa hiyo jirani anapiga simu akisema mashine "imepiga kwa nguvu" wakati mwendesha mashine anaapa alikuwa anaizima. Wote wawili ni wakweli.

Mashine hiyo imerudishwa. Iliyokuja Jumatano ni ile ambayo vyuma vyake vya kutikisa hubaki vimesawazishwa mpaka kasi ifike, ndipo vinafunguliwa, na huzimwa kwa utaratibu huo huo. Kilele cha kuwasha na kuzima kilishuka hadi 2.9. Kukodi kwake ni ghali zaidi na tulipoteza siku mbili. Tangazo la pili, mistari mitano, lilieleza kwa nini mashine imebadilishwa na kwamba mwisho wa kazi umesogea.

Kuhusu kunyanyua: bamba moja lina mita 9 na uzito wa karibu kilo 700. Kila linaponyanyuliwa uchochoro wa mashariki unafungwa kwa dakika kumi, mtu mmoja kila upande akiwa na bendera na filimbi. Kreni haipitishi mzigo juu ya paa la mtu, hata kama kuzunguka kunachukua muda mrefu zaidi.

Wiki ya 2: msingi wa zamani

Bamba la 41 liligoma kwenye mita 3. Kanuni yetu ni kwamba bamba likishuka kwa kasi iliyo chini ya nusu mita kwa dakika, mashine inasimama, kwa kuwa nguvu isiyozamisha chuma inakwenda kwa majirani. Namba za nyumba ya 6 zilithibitisha: kutoka 2.4 hadi 4.1 ndani ya dakika moja. Chini kulikuwa na msingi wa zege wa jengo lililowahi kuvunjwa, na haukuwemo kwenye ramani yoyote.

Kuuvunja kulihitaji nyundo ya ekskaveta, kelele ambayo hatukuitangaza. Tulipima desibeli 88 kwa umbali wa mita 10. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: umbali ukiongezeka mara mbili, hesabu inapungua desibeli 6. Mita 20 ni 82, mita 40 ni 76. Kwa hiyo hata darasa lililo mita 40 lisingeweza kusikilizana. Tulisimama nusu siku, tukabandika tangazo jipya la siku mbili za kuvunja, saa nne kwa siku, tukajenga kizuizi.

Uzio wa mabati uliokuwepo haukusaidia kitu. Bati la kawaida lina uzito wa kama kilo 3 kwa mita mraba, na sauti inalipita na kulitikisa liimbe lenyewe. Kizuizi kinahitaji uzito usiopungua kilo 7 kwa mita mraba. Tulisimamisha plaiwudi ya milimita 18, karibu kilo 10, kimo cha mita 3, mita mbili tu kutoka kwenye nyundo, na maungio yote yakazibwa kwa vipande vya mbao. Kizuizi kikikuficha mashine kabisa, kinapunguza kama desibeli 10. Ukiwa bado unaiona ncha yake, ni 5. Nyumba za chini zilipata nafuu. Ghorofa ya pili ya nyumba ya 11 haikupata, kwa kuwa barazani kwao wanaiona nyundo yote kutoka juu, na tuliwaambia hivyo hivyo badala ya kuwaahidi. Familia ya chumba cha mbele ilihamia kwa ndugu kwa siku mbili, nauli ikalipwa na mradi.

Wiki ya 4: pampu

Mabamba 150 yamekamilika, mashine kubwa imeondoka, na kundi la wasapu limejaa shukrani. Shimo limefika mita 3 na pampu zinafanya kazi mchana na usiku. Zina mlio mdogo, kama jenereta ya duka, na kwa sababu hiyo hatukuwatangazia majirani zaidi ya kusema kuna pampu. Hapa ndipo tulipokosea vibaya kuliko mahali pengine pote.

Alhamisi asubuhi nyumba ya 9 ilipiga simu. Shahidi namba 27, juu ya kona ya dirisha, alikuwa amepasuka. Ufa uliokuwa milimita 0.6 umefika 1.4, na mlango wa chumba cha nyuma unakwama. Msimamizi wa zamu alitaka kujibu kwamba mtetemo umeisha wiki nzima, hivyo si sisi. Ni kweli mtetemo ulikuwa umeisha, na ndiyo sababu jibu hilo lilikuwa baya.

Ufa wenyewe ulieleza. Ulikwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, na ulikuwa mpana zaidi juu kuliko chini. Nyufa za plasta zinazoletwa na mtetemo kwa kawaida huwa nyembamba na zimetawanyika. Huu ni ufa wa nyumba ambayo ncha yake iliyo karibu na shimo imetitia huku sehemu ya katikati ikibaki juu. Bomba la kuangalia kina cha maji, lililo nje ya mabamba upande huo, lilionyesha maji yameshuka sentimita 90 ndani ya siku nne, wakati tulitegemea 20. Tulijaza chupa ya lita moja na nusu kutoka kwenye mpira wa pampu ya tatu na kuiacha itulie dakika kumi. Chini kulibaki mchanga mweupe wa unene wa kidole.

Kumbe bamba lililogongwa kwenye msingi wa zamani lilikuwa limeachana na mwenzake kwenye kufuli, ule ukingo unaoshikanisha bamba na bamba. Maji yaliingia kwa upenyo huo na kuja na mchanga wa chini ya nyumba ya 9. Kila ndoo ya mchanga iliyotoka kwenye mpira iliacha nafasi ya ndoo moja chini ya ardhi ya jirani.

Pampu ya tatu ilizimwa, na maji yakaachwa yapande ndani ya shimo, maana maji yaliyosimama yanasukuma kurudi na mchanga unatulia. Magunia ya mchanga na kokoto yalirundikwa mbele ya upenyo, kisha bamba la chuma likachomelewa kuufunika, na nyuma yake kukasukumwa uji wa saruji. Wakazi wa vyumba vitatu vya nyuma walihamishiwa nyumba ya wageni kwa gharama ya mradi usiku huo, hadi vipimo viwili vya asubuhi vifanane. Ofisi ya serikali ya mtaa iliarifiwa saa hiyo hiyo. Tuliona heri habari itoke kwetu kuliko izunguke kama uvumi kwamba nyumba imeanguka.

Tangazo lililobandikwa jioni lilikuwa na maneno ambayo yangepaswa kuwepo tangu mwanzo:

> Pampu zina sauti ndogo lakini zinahitaji macho yenu kuliko mashine iliyoondoka. Kwenye mfereji ambako maji yetu yanatoka pana ndoo nyeupe. Maji yake yakiwa meusi, au ndoo ikiwa na mchanga chini, tuambieni. Mlango ukianza kukwama, tuambieni siku hiyo hiyo, msisubiri ufa.

Ndoo nyeupe inamwagwa na kuoshwa kila saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Watoto ndio wanaoichungulia zaidi. Mara mbili wametuita kwa mchanga uliopeperushwa na upepo, na mara zote mbili tulikwenda.

Wiki ya 6: zege la sakafu ya chini

Sakafu ina unene wa sentimita 60, yaani mita za ujazo 300. Pampu ya zege inasukuma kama 27 kwa saa, hivyo ni saa 11 mfululizo na magari 43 ya mita 7 kila moja. Majirani walielezwa kwamba kazi hii haiwezi kukatwa usiku ukiingia: zege la juu likimwagwa juu ya zege lililoanza kukauka, pale yanapokutana panabaki mshono, na mshono kwenye sakafu iliyo chini ya maji ni njia ya maji.

Tuliandika mwanzo saa 12 asubuhi, mwisho unaotegemewa saa 11 jioni, na mwisho wa mbali kabisa saa 4 usiku. Mpira uliziba saa 7 mchana na kula saa mbili na nusu, tukamaliza saa 2 usiku. Zilipigwa simu mbili tu, zote zikiuliza kama saa 4 bado ni ile ile. Magari yaliingia uchochoro mmoja na kutoka mwingine bila kurudi nyuma, kwa hiyo ule mlio wa gari linalorudi nyuma haukusikika usiku kucha kama ilivyo kawaida ya kazi hizi. Kuosha magari kulipelekwa kiwandani kwao.

Wiki ya 8

Maji kwenye bomba la nje yamerudi hadi sentimita 15 chini ya kiwango cha mwanzo. Ufa wa nyumba ya 9 umesoma 1.4 kwa wiki tatu mfululizo, kila mara saa 1 asubuhi, kwa kuwa ukuta ukipigwa na jua la mchana namba hubadilika kidogo na kuzua ubishi. Shahidi mpya hajapasuka. Mlango umepigwa randa na sasa unafunga. Ukarabati wa ukuta utafanywa baada ya vipimo vya wiki ya 12, maana kuziba ufa kabla ardhi haijatulia ni kuuficha tu.

Kati ya mashahidi waliobandikwa mwanzo, wanne wamepasuka: mmoja ni wa nyumba ya 9, wawili ni wa nyumba ya 6 kwa badiliko lisilofika milimita 0.1, na wa nne alipigwa na mpira wa watoto. Mwenye nyumba wa 17 anadai ufa wa jikoni ni mpya. Picha ya wiki ya tatu kabla ya kazi inauonyesha, lakini nusu yake ilifichwa na kabati ambalo hatukulisogeza. Nusu hiyo italipwa na mradi.